Ombi Limetumwa kwa Nereah

Mke wangu Nereah tulimzika mwezi wa tatu. Tableti ya mjukuu wetu haikujua. Iliendelea kumtii.

Kila jioni saa mbili ilizima uso. Bridgit aliigusa, ikamwandikia kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza sisomi. Kiswahili nasoma polepole, kwa herufi alizonifundisha Nereah mwenyewe mezani, tukiwa tayari na mtoto mkubwa. Kwa hiyo Bridgit alinisomea.

"Inasema ni wakati wa kulala, Babu."

"Nani amesema?"

"Nyanya. Aliweka hivyo."

Nilimwambia alale.

Nereah alikuwa mwanamke wa dagaa. Alinunua magunia upande wa Kenya, akauza Busia ya Uganda, na siku za mnada alifika mpaka Tororo na Kwapa. Mimi nilikuwa na baiskeli. Nilivusha mizigo ya watu mpakani, na mzigo wake nikauvusha miaka miwili kabla sijamwuliza jina. Yeye aliniuliza kwanza.

"Wewe kijana wa Kiteso, unaitwa nani?"

"Emojong."

"Emojong, dagaa wangu usiwafunge karibu na sabuni."

Ndivyo tulivyoanza. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Nyumbani kwetu karatasi zote zilikuwa zake: za kanisa, za shule, za hospitali. Mimi niliweka dole gumba pale aliponionyesha.

Binti yetu Quinter alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani Bridgit akiwa na miaka saba. Mwaka uliofuata alituma tableti, ili mtoto amwone mama yake. Nereah hakumpa siku ile. Aliishika siku tatu. Alikwenda kwa mwalimu mmoja wa kanisani, wakakaa na simu yake kubwa na ile tableti, wakaziunganisha. Aliporudi alinieleza akiwa anapepeta mchele.

"Baba Quinter, hii tableti sasa ni mtoto. Simu yangu ni mama. Mtoto hafanyi kitu mpaka mama akubali."

"Hata nikiwa nimeishika mimi?"

"Hata wewe."

Nilicheka. Lakini ilikuwa kweli. Bridgit alipewa saa moja siku za shule na saa mbili Jumamosi. Muda ukiisha, tableti inafunga, hata kama yuko katikati ya mchezo. Saa mbili usiku inafunga mpaka asubuhi, hata kama muda wake umebaki. Nereah aliweza kumwongezea dakika kutoka kwenye simu yake, akiwa sokoni ng'ambo. Mtoto alipofanya vizuri shuleni, dakika kumi na tano zilimfikia hapa akiwa amekaa kwenye mkeka. Alipiga kelele, "Nyanya ametuma!" kama mtu aliyeona mvua.

Akitaka app mpya, tableti haikumpa. Ilituma ombi. Simu ya Nereah ililia. Nereah alivaa miwani, akasoma ni ya nini, wengine wamesema nini juu yake, kisha akabonyeza ndiyo au hapana. Mchezo wa kuchinja watu aliukataa mara tatu. Bridgit aliomba mara nne.

Na akitafuta kitu humo ndani, kulikuwa na chujio. Nereah alisema ni kama la chai. Majani yanabaki, chai inapita.

"Vumbi nalo hupita," alisema. "Kwa hiyo bado naangalia."

Siku moja, kabla hajaugua sana, alinijia na simu.

"Baba Quinter, nataka nikuweke na wewe uwe mzazi humu. Wanakubali wazazi wawili. Nisipokuwapo, wewe unabonyeza."

"Mimi nina katochi," nikamwambia. Simu yangu ni ile ndogo yenye tochi.

"Tutakununulia kubwa."

"Mambo ya simu ni yako, Mama Quinter. Unakwenda wapi wewe?"

Aliirudisha simu kwenye mfuko wa leso.

Aliondoka mwezi wa tatu, Jumanne, asubuhi.

Sasa niseme kosa langu. Siku ya msiba simu yake haikunyamaza. Watu wa dagaa, watu ambao hawakuwa na habari. Mtu anapiga anasema, "Mama, mzigo umefika," na mama amelala sebuleni kwenye jeneza. Sikuweza kuvumilia. Nilifungua mfuniko wa nyuma wa simu, nikatoa laini, nikaiweka kati ya kurasa za Biblia yake. Biblia tukaiweka kifuani pake. Niliona ni sawa. Namba ile ilikuwa yake, asijibu mtu mwingine.

Kisha ikafika siku ya kugawa vitu. Kwetu vitu vya marehemu havikai ndani ya nyumba vikimngoja. Nguo, leso, viatu, masufuria, vyote hupewa watu wake. Dada yangu Asekenye ndiye aliyemuosha. Akapewa koti la baridi na simu. Simu ilikuwa na namba ya siri ambayo hatukuijua, ikapelekwa kwa kijana mmoja pale Malaba, akaifuta yote ikawa mpya. Asekenye akaenda nayo kwake Osukuru, ameridhika. Mimi pia niliridhika. Nilisema, deni la heshima limekwisha.

Mwezi wa nne Quinter alibadilisha tajiri. Akapelekwa nchi nyingine huko huko. Akatuma sauti kwenye tableti: "Huku ile app yetu haipigi. Ujumbe unafika, sauti inafika, lakini kupiga na kuonana imefungwa. Kuna app nyingine wanaruhusu. Bridgit, iweke, Ijumaa tuonane." Tajiri mpya alimwachia simu Ijumaa tu, tangu saa kumi mpaka saa kumi na moja.

Hakuwa amekuja kwenye maziko. Tajiri wa kwanza alikataa. Tangu nyanya yake afe, Bridgit hakuwa ameuona uso wa mama yake.

Mtoto aliitafuta hiyo app, akaipata, akabonyeza. Tableti ikamwandikia. Akasoma mara mbili, kisha akanitazama.

"Inasema ombi limetumwa kwa Nereah."

Tulikaa. Kuku aliingia ndani akatoka.

"Atajibu, Babu?"

"Mtoto, unajua yuko wapi."

"Najua. Lakini tableti imesema imetuma."

Jirani yetu Resty alituazima simu yake Ijumaa moja. Ilikuwa na nafasi ndogo, ile app ikakataa kuingia. Ijumaa iliyofuata alikuwa amekwenda Merikit kununua maharage. Quinter alipiga kwenye katochi yangu, akamwambia Bridgit "Mama, mama, nisikie," kwa jina alilozoea kumwita, na salio lake likakatika hapo. Bridgit aliishika katochi sikioni kwa muda baada ya kukatika.

"Nataka kumwona," akasema. "Nimeanza kumsahau sehemu ya hapa." Akagusa kidevu.

Jumamosi nilimchukua tukavuka kwenda Busia ya Kenya, kwa Lenox. Lenox ni fundi wa simu mwenye meza ya kioo karibu na duka la mbolea. Ananijua tangu siku za baiskeli.

"Mzee wa baiskeli! Leo umebeba nini?"

"Nimebeba mzigo wa kichwa."

Alichukua tableti, akaipekua. Bridgit alimwonyesha.

"Hii ni akaunti ya mtoto, mzee. Iko chini ya mzazi. Angalia, inataka mzazi akubali kwa simu yake, ama aandike paswadi yake hapa hapa. Mzazi ni nani?"

"Mke wangu."

"Basi mwambie akubali, ni sekunde mbili tu."

"Alikufa."

Lenox aliweka tableti mezani. Akafuta mikono kwenye suruali, mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Pole sana, mzee. Sikujua. Paswadi yake mnaijua?"

Hatukuijua. Tulijaribu. Bridgit alisema jaribu Quinter na mwaka wa kuzaliwa. Ikakataa. Jaribu Bridgit. Ikakataa. Jaribu jina la kanisa.

"Jaribu jina la Babu," mtoto akasema.

Lenox aliandika Emojong. Ikakataa. Nilisikitika kidogo. Mtu mzima, na bado nilisikitika.

"Tusiendelee kubahatisha, itatufungia," Lenox akasema. "Iko njia nyingine. Tunasema tumesahau paswadi, wanatuma namba kwa laini yake. Inaishia na nne na moja. Laini iko wapi?"

Niliitazama meza ya kioo.

"Mzee, laini iko wapi?"

"Iko naye."

"Naye nani?"

"Nereah. Iko kwenye Biblia, kifuani."

Kulikuwa na kijana mwingine pale, anangoja kubadilishiwa kioo. Akacheka.

"Mzee umezika laini? Na bando likiwa ndani?"

"We Trevor, funga mdomo," Lenox akamwambia. "Huoni mtoto?"

Trevor alifunga mdomo. Baadaye alimpa Bridgit nafasi kwenye stuli yake. Si kijana mbaya.

"Na simu yake?" Lenox akauliza. "Kama ile app ya mzazi ingali ndani ya simu, mchezo umeisha."

Nikamwambia tuliigawa. Nikamwambia ilifutwa Malaba. Alitikisa kichwa polepole, kama daktari.

"Mngeigawa mwisho wa vyote," akasema.

"Ndiyo desturi."

"Najua, mzee. Hata sisi."

Alituambia twende kwa watu wa laini, labda wangeitoa upya. Tulirudi upande wetu, tukapanga foleni. Msichana wa pale alikuwa na adabu.

"Baba, mwenye laini aje mwenyewe na kitambulisho chake."

"Hawezi. Amefariki."

"Basi ulete cheti cha kifo, na karatasi ya mahakama inaonyesha wewe ndiye msimamizi wa mali yake."

"Mali gani? Ni laini tu."

"Hata mimi naona hivyo, Baba. Lakini kompyuta inakataa."

Cheti cha kifo sikuwa nacho. Karatasi zote za nyumbani zilikuwa za Nereah, na hii ya kifo chake hakuwapo kuifuatilia. Niliuliza karatasi ya mahakama inachukua muda gani. Msichana alisema hajui, wengine mwaka.

Bridgit alinishika mkono mpaka nje. Tulipofika kwenye reli akasimama.

"Babu, turudi kwa Lenox aifute."

Lenox alikuwa amekwisha kutueleza hilo. Angeweza kuifuta tableti yote. Baada ya kuifuta ingeuliza akaunti iliyokuwamo, lakini kwa kompyuta yake alikuwa na namna ya kuipita. Picha angezihamisha kwanza kwenye kadi. Ila mambo aliyoweka Nereah, ile saa moja, kule kufunga saa mbili, maombi, chujio, hayo hayahamishiki. Yangekwisha.

"Na mnaweza kuweka mengine upya," alisema. "Lakini lazima kuwe na mzazi. Mtu mwenye simu kubwa, anayejua kusoma, aketi nayo. Wewe mzee una nini?"

Nilimwonyesha katochi. Hakucheka.

Sikuamua siku ile. Nilirudi nayo nyumbani. Jioni saa mbili ilifunga, kama kawaida. Bridgit alikwisha kulala kwa kuchoka, tableti iko juu ya meza peke yake, na ikafunga hata bila mtu. Niliitazama. Watu wote walikwisha kumgawa. Koti liko Osukuru, masufuria yako Kwapa. Hiki kilikuwa kitu cha mwisho ambacho bado kilisema hapana kwa ajili yake.

Sikuwa na mtu wa kumwuliza. Niliyekuwa namwuliza ni yeye.

Siku nne nilikaa hivyo. Siku ya tano Bridgit alichora uso wa mama yake kwenye daftari la hesabu. Kidevu hakukiweka. Nilimwuliza mbona. Akasema, "Nilikwambia."

Nikaipeleka.

Lenox alifanya kazi yake mchana mzima. Mwishoni tableti iliuliza tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Akaandika mwaka wa uongo. Kwa tableti, Bridgit sasa ana miaka ishirini na mbili.

"Nikiandika kumi itataka mzazi tena," akasema. "Hivi haitauliza mtu."

"Haitauliza mtu," nikasema.

"Ni vile ulitaka, mzee?"

Sikujua kama ndivyo nilivyotaka. Nilimwambia asante.

Ijumaa saa kumi Quinter alitokea. Alikuwa amekonda, amefunga kitambaa kichwani, ameketi mahali penye ndoo. Bridgit aliweka kidole kwenye kioo, kwenye kidevu. Quinter akalia, mtoto akalia, na mimi nikatoka nje kuwatazama kuku. Kwa saa ile moja niliona nimefanya sawa. Nataka hilo liandikwe pia.

Lakini siku zilizofuata zilikuwa sita kabla ya Ijumaa nyingine.

Saa mbili ikafika, tableti haikufunga. Nikamwambia lala. Akasema, "Kidogo tu, Babu." Nereah hakuwahi kuambiwa kidogo tu, kwa sababu tableti haikujua neno hilo. Mimi nalijua. Nilimpa kidogo. Asubuhi hakuamka, shuleni wakamrudisha kwa kuchelewa. Ule mchezo wa kuchinja watu ulikuwa tayari umo ndani. Sikujua kwamba ni ule mpaka niliposikia sauti zake.

Wiki ya pili nilimkuta nyuma ya jiko, tableti imelala kifudifudi chini, yeye amefunika macho.

"Nini?"

"Hakuna."

"Bridgit."

Alinipa. Palikuwa na picha. Mtu amelala barabarani. Sitaeleza. Nyingine chini yake, na nyingine. Niligeuza kioo kikaelekea tumboni kwangu.

"Umeitafuta wewe?"

"Niliuliza mtu akishakufa anakaaje." Akafunika macho tena. "Nilitaka kujua Nyanya anakaaje sasa."

Zamani angeuliza hilo na Nereah angekuwa hai, na chujio lingekuwapo. Sasa aliuliza kwa sababu Nereah hayupo, na chujio alikwenda nalo. Nilimshika. Nilimwambia Nyanya hakukaa hivyo. Alikaa na Biblia.

Nilirudi kwa Lenox. Aliwasha chujio la kutafutia, akanionyesha.

"Iko sawa sasa. Lakini mzee, nikudanganye? Akaunti ni ya mtu mzima. Chujio liko hapa kwenye mipangilio. Akitaka analizima mwenyewe, hakuna wa kumzuia. Ile ya nyanya yake iliwekwa kwa juu, mtoto hakuifikia."

"Anajua kulizima?"

Lenox alimtazama Bridgit. Bridgit alitazama barabara.

"Wanajua kutuzidi," Lenox akasema.

Alisema Quinter anaweza kuwa mzazi kutoka huko huko, hata akiwa mbali. Tableti ifutwe tena, iwekwe kwa umri wa kweli, naye aunganishe na simu yake. Nikamweleza Quinter Ijumaa. Akajaribu. Mara ya kwanza saa yake iliisha akiwa bado anaandika majina kwenye simu yake, tableti hatujaifuta. Mara ya pili tajiri alimwita mapema. Alisema, "Baba, Ijumaa ijayo." Ijumaa hiyo hakutokea kabisa. Mpaka leo ninaposimulia haya hajatokea. Ujumbe unaonyesha haujafika, Bridgit ndiye aliyenisomea.

Siwezi kuifuta tena kabla Quinter hajatokea. Ikifutwa, ile app ambayo Bridgit anamwonea mama yake inatoka, na akipiga hatatukuta. Siwezi kuiacha wazi. Kwa hiyo nafanya ninachoweza.

Saa mbili naichukua mwenyewe. Naifungia ndani ya sanduku la Nereah, ambalo halikugawiwa kwa sababu kufuli lake ni bovu. Nimenunua kufuli. Ufunguo naufunga kwenye pindo la shati. Bridgit hanikasirikii. Ananitazama tu, kama wanavyotazamwa watu wanaofanya kazi ambayo mashine ilikuwa ikiifanya vizuri zaidi.

Na mchana, akiwa nayo, nakaa kando yake kwenye mkeka. Nimeacha kazi ya mchana kwa ajili hiyo. Maandishi yanapita kwa Kiingereza. Picha zinabadilika kabla sijazielewa. Namwuliza, "Hapo imeandika nini?"

"Ni hadithi ya sungura, Babu."

"Na hapo?"

Anatelezesha kidole haraka.

"Hapo ni matangazo tu."

Ananisomea anachotaka nisikie. Mimi naitikia. Navaa miwani ya Nereah, ambayo nayo haikugawiwa, kwa sababu hakuna aliyeihitaji. Hainisaidii. Naivaa ili mtoto aone kuna mtu anaangalia.